Chati ya vipato inasema uongo? Dalili, chanzo na namna ya kuweka mediani mahali pa wastani

Nilikuwa nimebandika chati ukutani mbele ya kikundi cha kuweka na kukopa. Nguzo mbili tu: wastani wa kipato cha mwezi cha mama lishe na cha madereva wa bodaboda. Nguzo ya mama lishe ilikuwa ndefu zaidi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo laki nne na arobaini anaipata nani humu?" Ukumbi ukacheka. Nikarudi kwenye daftari langu na kukuta kwamba anayepata kiasi hicho au zaidi ni mmoja peke yake, na siku hiyo hakuwepo: alikuwa na tenda ya kupikia mafundi kwenye maeneo matatu ya ujenzi.

Mwongozo huu umetokana na siku ile na nyingine zilizofuata. Takwimu za mfano nimezipunguza na kuzinyoosha ili uweze kuzifuata kwa kalamu, lakini umbo lake ni lile lile utakalolikuta kwenye vipato vya kweli. Kila namba ni maelfu ya shilingi kwa mwezi, na nimezipanga kuanzia ndogo:

```
Mama lishe: 120 150 160 180 200 220 240 260 300 420 2600
Bodaboda:   210 240 260 280 300 310 330 350 380 420 480
```

Maneno matatu kabla ya kuanza. Mediani ni thamani ya mtu aliyesimama katikati ya foleni ukishawapanga watu kwa kipato. Hapa wako 11, kwa hiyo ni wa sita. Mpaka wa robo ya chini, unaoandikwa Q1, ni pale ambapo robo ya watu wako chini yake. Mpaka wa robo ya juu, Q3, ni pale ambapo robo ya watu wako juu yake. Kati ya Q1 na Q3 ndipo inapokaa nusu ya watu, ile nusu ya kawaida.

Dalili: watu wanaozungumziwa na chati hawajioni ndani yake

Wastani wa mama lishe ni 441, wa bodaboda ni 324. Mediani inasema kinyume: mama lishe 220, bodaboda 310. Yaani si kwamba wastani umekosea kidogo; umegeuza mpangilio mzima. Anayesoma chati ya wastani anaondoka akiamini kuwa kuuza chakula kunalipa kuliko kuendesha pikipiki, na anayesoma ya mediani anaondoka na jibu la pili.

Chanzo ni umbo la vipato vyenyewe. Kipato kina sakafu lakini hakina dari. Mtu hawezi kushuka sana chini ya sifuri, lakini juu anaweza kwenda popote, kwa hiyo data inavuta mkia mrefu upande wa kulia. Wastani unajumlisha fedha zote na kuzigawa kwa vichwa, kana kwamba yule wa 2,600 amezitia fedha zake kwenye kapu la wote. Mediani inauliza tu yuko upande gani wa foleni, haijali yuko mbali kiasi gani.

Kipimo cha haraka ninachotumia ni kuhesabu watu walio chini ya wastani. Kama data imekaa sawasawa, watakuwa karibu nusu. Kwa bodaboda, waliopo chini ya 324 ni sita kati ya 11, sawa kabisa. Kwa mama lishe ni kumi kati ya 11. Ukiona hivyo, usiendelee kuchora nguzo za wastani. Kwenye Excel hesabu hiyo ni mstari mmoja, ikiwa vipato vya mama lishe viko B2 hadi B12:

```
=COUNTIF(B2:B12,"<"&AVERAGE(B2:B12))/COUNT(B2:B12)
```

Itakupa 0.91. Kwa uzoefu wangu, ikishavuka 0.6 nahamia kwenye mediani bila kujadiliana na mtu. Hiyo si kanuni ya kitabuni, ni tabia yangu tu.

Lakini kwanza: ile namba kubwa ni ya kweli?

Hapa ndipo wengi wanaruka hatua. Wameona wastani umepanda, wamesikia mediani haitikiswi na namba kubwa, basi wanaweka mediani na kuendelea. Tatizo ni kwamba mediani haitibu namba mbaya, inaificha tu.

Tuseme 2,600 ilikuwa 260, karani akaongeza sifuri moja. Ukiirekebisha, wastani wa mama lishe unaporomoka kutoka 441 hadi 228. Mediani je? Inabaki 220, haisogei hata shilingi. Ni sifa nzuri kwa chati na ni sifa mbaya kwa mkaguzi. Ule mshtuko wa kuona wastani umeruka ndio ungekuambia ukafungue dodoso. Kwa hiyo mimi wastani siuondoi kwenye jedwali langu la kazi hata kidogo. Nauondoa kwenye chati tu.

Kwa biashara ndogo kuna makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni hiyo sifuri ya ziada. La pili ni mtu kutaja fedha za mwaka mahali palipoulizwa mwezi; hilo utaligundua kwa kugawa kwa 12 na kuona kama jibu linafanana na la jirani zake. La tatu ndilo sugu: mauzo kuandikwa mahali pa kipato. Ukimwuliza mama lishe "unaingiza ngapi kwa siku?" anakutajia fedha zilizopita mkononi, na ndani yake kuna mchele, mkaa, mafuta, na posho ya binti anayeosha vyombo. Mwenzake aliyekaa naye meza moja anaelewa swali kwa namna nyingine na kukutajia kilichobaki jioni. Namba zao zitapishana mara nne au tano, na wote wawili wamesema kweli.

Namna ya kujua ni kurudi kwenye siku. Nilimpigia simu yule mama wa 2,600. Siku 26 za kazi, kwa hiyo ni 100 kwa siku. Nikamwomba anihesabie sahani anazopeleka kwa kila eneo, bei ya sahani, kisha gharama moja moja. Ikatoka karibu pale pale, baada ya kutoa gharama. Basi namba ni halali, inakaa. Kuifuta kwa sababu tu inaharibu sura ya chati ni kumfuta mtu.

Dalili: mstari wa mtawanyiko umeshuka chini ya sifuri

Hii inatokea kwa waliojitahidi. Wameweka wastani, halafu wakaongeza juu na chini yake mstari wa mchepuko sanifu kuonyesha jinsi vipato vinavyotofautiana. Kwa mama lishe mchepuko huo ni 721. Toa 721 kwenye 441 utapata hasi 280. Chati inaonyesha kwamba kuna mama lishe wa kawaida anayelipa laki mbili na themanini kila mwezi ili aruhusiwe kupika.

Chanzo ni kile kile: mchepuko sanifu unapimwa kutoka kwenye wastani na unatandazwa sawasawa pande zote mbili, wakati data imelala upande mmoja. Usijaribu kuukata ule mstari kwenye sifuri ili usionekane. Nimeona watu wakifanya hivyo. Ondoa wastani na mchepuko wake vyote, weka mediani na mstari wa kutoka Q1 hadi Q3. Hizo haziwezi kutoka nje ya data kwa sababu zimetolewa ndani yake. Kwa mama lishe mstari unaanzia 170 hadi 280, mediani ikiwa 220. Angalia kwamba upande wa juu ni mrefu kidogo kuliko wa chini, 60 dhidi ya 50. Hata katika nusu ya kawaida mkia unaonekana, bila kumtaja tajiri.

Dalili: jedwali egemeo halina mediani

Unafungua PivotTable, unabonyeza kubadili Average, orodha inakuja: Sum, Count, Max, Min na wenzao. Median haimo. Si kwamba kompyuta yako ina hitilafu; jedwali egemeo la kawaida la Excel halikuwekewa. Watu wengi wanarudi kwenye wastani kwa sababu hii tu, na sidhani kama nitakosea nikisema nusu ya chati mbaya za vipato nilizoziona zimezaliwa hapa.

Dawa ni fomula inayochuja kundi. Weka aina ya kazi kwenye safu A, kipato kwenye safu B, na jina la kundi unalolitaka kwenye E2:

```
=MEDIAN(IF($A$2:$A$26=E2,$B$2:$B$26))
```

Kwenye Excel za zamani unamalizia kwa Ctrl+Shift+Enter. Kwenye mpya Enter inatosha. Lakini subiri, fomula hiyo ina mtego, na ulininasa.

Orodha yangu ilikuwa na mistari 25, si 22, kwa sababu mama lishe watatu walikataa kutaja kipato na seli zao zikabaki tupu. AVERAGEIF inaziruka seli tupu. IF ikipitia orodha nzima namna ile haiziruki: seli tupu inatoka ikiwa sifuri. Kwa hiyo mediani ya mama lishe ikahesabiwa kwa watu 14, watatu wakiwa na kipato cha sifuri, na jibu likawa 190 badala ya 220. Hakuna onyo lolote linalotokea. Kilichonishtua ni kwamba kipato cha chini kabisa cha kundi, nilipokitafuta kwa fomula ya namna ile ile yenye MIN, kilikuwa sifuri, na mimi nilijua hakuna aliyetaja sifuri. Fomula salama ni hii:

```
=MEDIAN(IF(($A$2:$A$26=E2)*($B$2:$B$26<>""),$B$2:$B$26))
```

Kwa Q1 na Q3 unabadilisha jina la nje na kuongeza namba ya robo mwishoni:

```
=QUARTILE.INC(IF(($A$2:$A$26=E2)*($B$2:$B$26<>""),$B$2:$B$26),1)
```

Weka 3 mahali pa 1 upate Q3. Hapo hapo amua jambo moja na uliandike chini ya chati: mtu asiye na kipato kabisa mwezi huo anahesabiwa? Sifuri ya kweli na kimya si kitu kimoja. Aliyesema "mwezi huu sikupata kitu, pikipiki ilikuwa kwa fundi" aandikwe 0. Aliyekataa kujibu abaki tupu, na idadi ya waliojibu itajwe.

Dalili: kisanduku kwenye chati hakilingani na namba kwenye seli

Umeshapata 170 na 280 kwenye seli. Unaingiza chati ya Box and Whisker, yenye kisanduku cha kutoka Q1 hadi Q3 na masharubu, yaani mistari myembamba inayotoka juu na chini yake, unaweka lebo za namba, na kisanduku kinaonyesha 160 na 300. Unarudia hesabu mara tatu. Seli ziko sawa, na chati nayo iko sawa.

Chanzo ni kwamba mpaka wa robo una ufafanuzi zaidi ya mmoja. Mediani ya watu 11 haina ubishi, ni wa sita. Lakini robo ya chini ni nusu ya watu watano walio chini ya mediani, au nusu ya sita ukimhesabu na yule wa katikati? Ukimwacha nje, wa tatu kati ya watano ndiye Q1, yaani 160. Ukimjumuisha, Q1 inakaa kati ya wa tatu na wa nne, yaani 170. Mwaka 1996 wanatakwimu Rob Hyndman na Yanan Fan walipanga njia tisa tofauti zilizokuwa zikitumiwa na programu za kompyuta, na programu ya R hadi leo inakupa zote tisa uchague.

QUARTILE.INC inamjumuisha wa katikati. Chati ya Excel, usipoigusa, inamwacha nje. Bonyeza kisanduku kwa kitufe cha kulia, fungua Format Data Series, chini ya Quartile Calculation chagua Inclusive median. Kisanduku kitakaa 170 hadi 280. Au acha chati ilivyo na utumie QUARTILE.EXC kwenye seli. Yoyote ni sawa, mradi iwe moja kwa taarifa nzima, mwaka huu na mwaka ujao.

Kwa kundi la watu mia tano tofauti hii huwa ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeiona. Inauma kwa makundi madogo, na hilo lenyewe ni onyo. Kama kundi lako lina watu watano au sita, mpaka wa robo unashikiliwa na mtu mmoja au wawili. Hapo mimi sichori kisanduku. Naweka nukta moja kwa kila mtu na kastari kafupi kwenye mediani, basi.

Ukiwa bado kwenye dirisha lile, utaona pia Show mean markers. Ndiyo ile alama ya × inayoelea kwenye kisanduku. Kwa mama lishe itakuwa imeelea nje kabisa, juu ya masharubu, na kila msomaji atauliza ni nini. Kama huna mpango wa kuieleza, itoe.

Dalili: visanduku vimebanwa chini kama chapati

Sasa chati ni sahihi lakini haisomeki. Mhimili umekwenda hadi 3,000 kwa ajili ya nukta moja ya 2,600, na tofauti ya 220 na 310, ambayo ndiyo habari yenyewe, imekuwa unene wa ukucha.

Ile nukta imetengwa kwa kanuni ya John Tukey, mwanatakwimu Mmarekani aliyetuletea chati ya kisanduku. Unachukua urefu wa kisanduku, hapa 280 kutoa 170 ni 110, unauzidisha kwa 1.5 kupata 165, unaongeza juu ya Q3. Uzio uko 445. Sharubu la juu linafika kwa mtu wa mwisho aliye ndani ya uzio, yaani 420, na aliyevuka anakuwa nukta. Kuvuka uzio hakumaanishi kosa. Kwenye vipato, vyenye mkia mrefu kwa asili, utapata nukta hizo kila mara, na kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo nukta zinavyozidi.

Njia rahisi ni kuufupisha mhimili. Kwenye Excel ukiweka Maximum iwe 600, unakata picha tu. Hesabu inabaki vile vile. Andika chini ya chati: "Mama lishe mmoja mwenye kipato cha 2,600,000 hayumo kwenye picha lakini yumo kwenye hesabu." Sentensi hiyo si pambo. Bila hiyo umemficha.

Wanaotumia R na ggplot2 wana hatari kubwa zaidi hapa, kwa sababu kuna amri mbili zinazoonekana ndugu na si ndugu:

```r
p <- ggplot(d, aes(kazi, kipato)) + geom_boxplot()
p + ylim(0, 600)
p + coord_cartesian(ylim = c(0, 600))
```

Ya kwanza, `ylim`, inamtupa nje mtu wa 2,600 kabla ya hesabu kufanyika. Mama lishe wanabaki kumi, mediani inakuwa 210, kisanduku kinahamia 165 hadi 255. Ya pili, `coord_cartesian`, inahesabu kwa wote kisha inakata picha, na kisanduku kinabaki 170 hadi 280. Ishara pekee ni onyo linaloanza na `Removed 1 row`, ambalo wengi wetu tumeshazoea kulipita kama matangazo ya redio. Ukiliona kwenye chati ya kipato, simama.

Njia ya pili ni skeli ya logi, ambapo hatua sawa kwenye mhimili ni kuzidisha, si kuongeza: 100, 200, 400, 800. Inawaweka wote kwenye picha bila kumbana mtu. Ina mipaka miwili. Sifuri haina mahali pa kukaa kwenye logi, kwa hiyo wale wa "sikupata kitu" wanapotea. Na kwenye ggplot2, `scale_y_log10()` inabadili namba kabla ya kuzihesabu: kisanduku hakisogei sana, lakini kama uliongeza alama ya wastani, alama hiyo itatoka kuwa 441 na kuwa kama 266, ambao ni wastani wa kijiometri, bila kukuarifu. Kwa taarifa ya wataalamu natumia logi. Kwa mkutano wa kikundi situmii, maana nikishaanza kueleza mhimili, habari yenyewe imekufa.

Dalili: nguzo zinapanda hadi 670 wakati hakuna robo inayofika huko

Mara nyingi kisanduku chenyewe hakihitajiki. Wasomaji wasiokizoea wanadhani sehemu nene ndiyo yenye watu wengi, kumbe kila sehemu ina robo. Mimi napendelea upau mmoja mlalo wa kutoka Q1 hadi Q3, wenye alama kwenye mediani. Unaweza kuuchora kwa nguzo za kawaida zinazopandana, aina ya Stacked Bar.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuziweka Q1, mediani na Q3 kama zilivyo. Chati inazijumlisha: 170 na 220 na 280 ni 670 kwa mama lishe, na kwa bodaboda inafika 945. Unachotakiwa kupandisha ni tofauti:

```
              Q1    mediani-Q1   Q3-mediani
Mama lishe   170        50           60
Bodaboda     270        40           55
```

Kipande cha kwanza kipake No Fill kisionekane. Kazi yake ni kusukuma tu. Vipande viwili vinavyobaki vipe rangi moja, cha pili iliyofifia kidogo, na mpaka kati yao ndiyo mediani. Andika namba yake hapo hapo juu ya mpaka kwa mkono: 220, 310. Usimwachie msomaji kazi ya kukisia kutoka kwenye mhimili.

Chini ya chati weka maneno ambayo mtu anaweza kuyasema akiwa sokoni: "Nusu ya mama lishe waliojibu wanapata chini ya 220,000 kwa mwezi. Robo wanapata chini ya 170,000, na robo wanapata zaidi ya 280,000." Nilipopeleka chati hii kwenye kikundi kile kile, yule mama wa mstari wa mbele alisogea karibu, akaweka kidole kwenye upau, kushoto kidogo kwa 220. "Mimi niko hapa," akasema. Wenzake nao wakaanza kutafuta mahali pao.

Dalili: mtunza hazina anasema hesabu haifungi

Hili lilikuja wiki iliyofuata. Mtunza hazina alichukua mediani 220, akazidisha kwa watu 11, akapata 2,420. Halafu akajumlisha vipato kimoja kimoja, akapata 4,850. Akanitazama kama mwizi.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Mediani haina uhusiano na jumla. Wastani ndio unaofunga: 441 mara 11, ukiondoa mkato wa desimali, ni 4,850. Kwa hiyo kama swali ni fedha zote zilizoingia kwenye kundi, au mchango wa asilimia fulani utaleta kiasi gani, tumia wastani au jumla yenyewe. Mediani inajibu swali la mtu wa kawaida, kwa hiyo ndiyo inayofaa ukitaka kuweka mstari wa umaskini wa kulinganisha. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinahesabu kuwa yuko hatarini mwenye kipato chini ya asilimia 60 ya mediani ya nchi yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, mediani za makundi haziunganishwi. Mediani ya mama lishe na bodaboda wote 22 kwa pamoja ni 270. Ukichukua 220 na 310 ukagawa kwa mbili utapata 265, na umekaribia kwa bahati tu, kwa kuwa makundi yana watu sawa. Kundi moja likiwa na watu 11 na jingine 200, utapotea mbali. Rudi kwenye orodha ya watu, changanya, panga upya. Na kama takwimu zako zimetoka kwenye utafiti wa kaya ambapo kila kaya imepewa uzani, MEDIAN ya Excel haiutambui uzani huo. Panga kaya kwa kipato, jumlisha uzani ukishuka nao, na mediani ni kipato cha kaya ambapo jumla hiyo inavuka nusu ya uzani wote.

Kwenye taarifa ile niliweka vyote viwili, kila kimoja mahali pake: chati yenye mipaka ya robo na mediani kwenye ukurasa wa hali ya wanachama, na jumla ya 4,850,000 kwenye ukurasa wa makisio ya michango. Mtunza hazina alisaini ule wa pili.